Tangazo Lako Limekataliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wauzaji wa Tabora na Kigoma

Maswali haya ni yale ambayo wafanyabiashara wa Tabora mjini, Sikonge, Urambo na wachache wa Kigoma hunijia nayo wakiwa wameshika simu yenye tangazo lililokataliwa. Majibu yanahusu matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram, yale ambayo wengi huyaita ya kusponsa, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa zaidi na wauzaji wadogo wa huku. Google imepewa swali moja karibu na mwisho. Mfano unaorudi mara nyingi ni wa asali, kwa sababu katika bidhaa zote za Tabora ndiyo niliyoiona ikikataliwa kuliko nyingine, na karibu kila mara kilichoiponza ni maneno yaliyoandikwa juu yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Tangazo hukaguliwa na nani, na huchukua muda gani?

Ukibonyeza “Publish”, tangazo haliendi moja kwa moja kwa watu. Hupita kwanza kwenye ukaguzi, ambao kwa sehemu kubwa hufanywa na mitambo ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, na kwa sehemu ndogo na watu. Mitambo husoma maandishi, hutazama picha na video, husoma hata maneno yaliyoandikwa ndani ya picha, huangalia umechagua kuwafikia watu gani, kisha hufuata kiungo ulichoweka ili kuona mteja atakapobofya atafikishwa wapi.

Mara nyingi kazi hiyo humalizika ndani ya saa 24, ingawa wakati mwingine huzidi. Kwa hiyo mwenye mzigo wa kuuza siku ya gulio asingoje usiku wa kuamkia gulio ndipo atume tangazo. Atume siku mbili au tatu kabla, akipanga tarehe ya kuanza ndani ya tangazo lenyewe, ili likikataliwa awe na nafasi ya kulirekebisha.

2. Nitajuaje kwamba limekataliwa, na si kwamba limesimama kwa sababu nyingine?

Fungua “Ads Manager”, nenda hadi ngazi ya chini kabisa inayoitwa “Ads”, kisha usome safu ya “Delivery”. Neno “In review” maana yake bado linakaguliwa. Neno “Rejected” maana yake limekataliwa, na ukiligusa utaonyeshwa jina la kanuni unayodaiwa kuivunja. Ni lazima ushuke hadi ngazi hiyo, kwa sababu kinachokataliwa ni tangazo moja moja na si kampeni nzima. Mtu mwenye matangazo matatu ndani ya kampeni moja anaweza kuwa na mawili yanayoendelea vizuri na moja lililokataliwa bila yeye kufahamu.

Watu wengi wanaoniambia “limekataliwa” hukuta kwamba tatizo lao ni malipo: kadi haikuwa na salio wakati wa kukatwa, au muda wake wa matumizi umekwisha. Hilo halihusiani na ukaguzi, na kubadilisha maandishi hakutalisaidia. Ukiona onyo linalotaja malipo, shughulikia kadi kwanza na uache tangazo kama lilivyo.

3. Je, pesa yangu imepotea?

Hapana. Tangazo lililokataliwa kabla ya kuonyeshwa halikati pesa. Kama lilionyeshwa kwanza kisha likakataliwa baadaye, jambo linaloelezwa katika swali la 15, utadaiwa kwa muda ule lilipokuwa likionekana tu.

## Kwa nini limekataliwa

4. Asali si haramu. Kwa nini tangazo la asali likataliwe?

Hakuna kanuni inayozuia asali. Kinachozuiwa ni ahadi ya kuponya. Asali ya nyuki wadogo ina heshima kubwa kwetu, na wazazi wetu wameitumia kwa kikohozi na vidonda tangu zamani, kwa hiyo muuzaji anapoketi kuandika tangazo, jambo la kwanza linalomjia ni tiba. Anaandika kwamba inatibu kisukari, inamaliza vidonda vya tumbo, inaongeza nguvu za kiume, na kwamba matokeo ni asilimia mia. Kuanzia hapo mkaguzi haoni tena chakula, anaona dawa inayouzwa kwa madai yasiyothibitishwa, na tangazo linakataliwa kwa kanuni za afya au za madai ya kupotosha.

Hapa niseme wazi kwamba nakubaliana na kanuni hiyo, hata kama nafanya kazi upande wa wauzaji. Asali ni sukari. Mgonjwa wa kisukari anayeacha vidonge vyake kwa kuamini chupa ya asali anaweza kulazwa, na anaweza kufa. Vilevile asali haifai kabisa kupewa mtoto mchanga aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vinavyoleta ugonjwa mkali wa kupooza kwa watoto wa umri huo. Maneno “inafaa kwa watoto wote” nimeyaona kwenye matangazo mengi, na huwa nayafuta kabla ya kugusa kingine chochote.

Maneno yanayopita bila shida ni yale yanayoieleza asali yenyewe: imetoka msitu gani, ni ya nyuki wadogo au wakubwa, imevunwa kwenye mizinga ya magome au ya kisasa, imechujwaje, chupa ni ya ujazo gani, na inamfikiaje mteja. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayehofia asali iliyochanganywa na sukari guru hutaka kuyajua hayo kabla ya kutoa pesa yake.

5. Tangazo langu linaanza na “Je, unasumbuliwa na kisukari?” Sikuahidi kuponya. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye nafsi ya pili. Ipo kanuni ambayo jina lake kwenye kioo lina maneno “Personal attributes”, nayo inakataza tangazo kumwambia msomaji, au kumdokezea, kwamba linajua hali yake binafsi: ugonjwa, ulemavu, dini, kabila, umri, madeni, rekodi ya makosa na mengine ya namna hiyo. Mtu anayeona swali “Je, una kisukari?” akiwa peke yake na simu yake anaweza kuamini kwamba mtandao umechungulia maisha yake.

Kiswahili kinatutega hapa kwa namna yake. Sisi tumezoea kuanza mauzo kwa kumwita mtu, kama mpiga debe stendi anavyomwita abiria, na nafsi ya pili imejificha ndani ya kitenzi. Huhitaji kuandika neno “wewe”, kwani “unasumbuliwa”, “umechoka na madeni” na “una kitambi” zote tayari zinamnyooshea kidole msomaji. Namna ya kurekebisha ni kuhamisha sentensi kutoka kwa msomaji kwenda kwenye bidhaa au huduma. Mwenye duka la miwani aliyeandika “Huoni vizuri?” aandike “Tunapima macho na kutengeneza miwani, Jumatatu hadi Jumamosi”. Mwenye kikundi cha mikopo aliyeandika “Umekwama na madeni?” aandike masharti ya mkopo wake. Nafsi ya pili haikukatazwa yenyewe. “Agiza leo” na “tutakuletea hadi stendi” ni maneno salama, kwa sababu hayadai kujua lolote kuhusu hali ya mtu.

6. Picha za “kabla na baada” zinaruhusiwa?

Kwa bidhaa za ngozi, za kupunguza mwili na za tiba, ziache. Picha za namna hiyo, hasa zinazoonyesha mabadiliko makubwa yasiyo ya kawaida au zinazomfanya mtu auchukie mwili wake, ni sababu ya kukataliwa hata pale maandishi yanapokuwa safi.

Muuzaji mmoja wa sabuni ya mawese kutoka Kigoma alinitumia tangazo ambalo maandishi yake hayakuwa na dosari. Picha ilikuwa ya uso uliogawanywa katikati, nusu ina chunusi na nusu inang'aa, na hata hakuwa ameipiga mwenyewe, aliipata mtandaoni. Tulipiga picha mpya kwa simu yake ileile: vipande vitatu vya sabuni juu ya ubao, na pembeni kikombe cha mawese mekundu kama yanavyouzwa sokoni. Tangazo lilikubaliwa, na wateja walianza kuuliza kuhusu mawese yenyewe.

7. Maandishi na picha ni sawa, lakini bado limekataliwa. Inawezekana kosa liko kwenye kiungo?

Inawezekana sana, na ndiyo sehemu inayosahaulika. Ukaguzi hufuata kiungo. Tovuti isiyofunguka, ukurasa unaouza kitu tofauti na kilichotangazwa, au ukurasa uliojaa madai yale uliyoyaondoa kwenye tangazo, vyote huleta kukataliwa. Fungua kiungo chako kwenye simu ya mtu mwingine, kwa data na si kwa waifai ya ofisini, uone kama kinafika.

Wauzaji wengi wa huku hawana tovuti. Tangazo lao linampeleka mteja WhatsApp. Hata huko kuna ya kuangalia: salamu inayojiandika yenyewe mteja anapofungua mazungumzo, maelezo ya biashara, na orodha ya bidhaa. WhatsApp ina kanuni zake za biashara zinazokataza kuuza dawa, tumbaku, pombe na wanyama kupitia orodha hiyo, na kukubaliwa kwa tangazo hakukuondolei kanuni hizo.

8. Nimeambiwa maandishi kwenye picha yasizidi asilimia 20. Ni kweli?

Ilikuwa kweli zamani. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2020, na picha yenye maandishi mengi haikataliwi kwa sababu hiyo peke yake.

## Kurekebisha na kutuma tena

9. Nirekebishe tangazo, au niombe likaguliwe upya kama lilivyo?

Hizi ni njia mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu wiki nzima. Kurekebisha ni kukubali kwamba kuna kosa: unabonyeza “Edit”, unabadilisha kinachohusika, unatuma, na tangazo linaingia kwenye ukaguzi mpya lenyewe. Kuomba ukaguzi upya kwa “Request review” ni kusema kwamba uamuzi ulikosewa, na kinachoangaliwa ni tangazo lilelile bila badiliko.

Soma jina la kanuni iliyotajwa, kisha msomee mtu asiyehusika na biashara yako tangazo hilo kwa sauti, umuulize kama analiona kosa. Akiliona, rekebisha. Msipoliona nyote wawili baada ya kupitia maandishi, picha na kiungo, omba ukaguzi upya. Kitufe hicho utakipata kwenye ukurasa unaoitwa “Business Support Home”, ukichagua akaunti yako na kisha tangazo lililokataliwa. Jibu huja mara nyingi baada ya siku moja au mbili. Kuomba mara nyingi kwa tangazo lenye kosa la wazi hakubadilishi jibu.

10. Naomba mfano kamili wa tangazo lililokataliwa likarekebishwa.

Mama mmoja wa Isevya anauza asali ya nyuki wadogo anayoichukua kwa warinaji wa Sikonge. Tangazo lake la kwanza lilisomeka hivi:

“Je, unateseka na kisukari au vidonda vya tumbo? Asali yetu ya nyuki wadogo INATIBU KABISA ndani ya siku 14!!! Matokeo 100%. Bofya hapa upone.”

Picha ilikuwa na sehemu mbili, mguu wenye kidonda na mguu uliopona, na chupa ya asali katikati. Kiungo kilipeleka WhatsApp, ambako salamu iliyojiandika ilisema: “Karibu, naomba tiba ya kisukari.” Lilikataliwa ndani ya saa chache.

Alichofanya kwanza ni kufuta neno “kisukari” akaweka “sukari”, akatuma tena. Likakataliwa. Akaandika neno hilo kwa nukta katikati ya herufi, kama alivyofundishwa na kijana mmoja. Likakataliwa tena. Aliponijia aliniambia, “Kaka, nimetuma mara tatu, hawa watu wana kinyongo na mimi.” Nilimwomba anionyeshe tangazo lenyewe, na nikaona kwamba katika mara zote tatu picha haikuguswa, salamu haikuguswa, na ahadi ya siku 14 ilikuwa bado ipo. Zaidi ya hayo, kuficha neno kwa nukta huhesabika kama kujaribu kukwepa ukaguzi, na hilo ni kosa zito kuliko lile la kwanza.

Tuliketi tukapitia mambo manne kwa mpangilio. Swali la mwanzo liliondoka lote, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 5. Madai ya tiba, siku na asilimia yaliondoka. Picha ya miguu iliondoka, na tukapiga nyingine mlangoni kwake asubuhi, chupa ikiwa imeshikwa juu kidogo ili mwanga upite ndani na rangi ya asali ionekane. Mwisho tulibadilisha salamu ya WhatsApp ikawa: “Habari, naomba bei ya asali ya nyuki wadogo.” Tangazo jipya lilisomeka hivi:

“Asali ya nyuki wadogo kutoka misitu ya miombo ya Sikonge. Imechujwa kwa kitambaa bila kupashwa moto. Chupa ya nusu lita na ya lita moja. Tunatuma kwa basi Mwanza, Kigoma, Dodoma na Dar es Salaam. Tuma ujumbe WhatsApp uulize bei.”

Lilitumwa saa mbili usiku, na asubuhi alipoamka lilikuwa limekubaliwa. Wasiwasi wake ulikuwa kwamba bila neno tiba hakuna atakayenunua. Waliomwandikia wiki hiyo waliuliza zaidi kama ni ya nyuki wadogo kweli, na namna ya kuitambua, maswali ambayo anayajibu vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

11. Mimi nilibonyeza “Boost post” kwenye ukurasa wangu, sikutumia “Ads Manager”. Narekebishaje?

Ukaguzi ni uleule, ila nafasi ya kurekebisha ni finyu, kwa sababu maandishi na picha ni vya chapisho lenyewe na huwezi kuvibadilisha ukiwa ndani ya tangazo. Njia nyepesi ni kuandika chapisho jipya lililo safi, kulilipia hilo, na kuliacha lililokataliwa. Fahamu pia kwamba kukataliwa kwa tangazo hakufuti chapisho: kwa kawaida linabaki kwenye ukurasa wako na wafuasi wako wanaliona. Hata hivyo, chapisho lenye ahadi ya kuponya kisukari nashauri uliondoe kabisa, kwa sababu nilizozitoa katika swali la 4.

12. Nikibadilisha bajeti, tangazo litakaguliwa tena?

Hapana. Kubadilisha bajeti au tarehe hakurudishi tangazo kwenye ukaguzi. Kubadilisha maandishi, picha, video, kiungo au watu unaotaka kuwafikia hulirudisha. Kwa hiyo tangazo linalokwenda vizuri usiliguse kwa ajili ya kusahihisha nukta. Na kinyume chake, usitarajie kwamba kuongeza pesa kutalifungua lililokataliwa, kwa kuwa mkaguzi haangalii kiasi ulichoweka.

13. Si rahisi zaidi kufuta lililokataliwa na kutengeneza jipya, au kufungua akaunti nyingine?

Kutengeneza tangazo jipya kunaruhusiwa, na wakati mwingine ni jambo la busara, mradi liwe jipya kweli. Kunakili lililokataliwa na kulituma tena bila badiliko ni kuongeza idadi ya makosa kwenye akaunti yako, maana kumbukumbu ya kukataliwa haifutiki kwa kufuta tangazo. Makosa yakirundikana, akaunti nzima huzuiwa kutangaza, na hapo hata tangazo safi halipiti.

Kufungua akaunti nyingine ili kukwepa kizuizi ni kosa linalojitegemea, na mara nyingi akaunti hiyo mpya nayo hufungwa, kwa kuwa kadi, simu na ukurasa ni vilevile. Aliyezuiwa aombe ukaguzi wa akaunti kupitia “Business Support Home”, hata kama atadaiwa picha ya kitambulisho, kabla ya kufikiria kitu kingine.

## Hali zisizo za kila siku

14. Tabora ni mkoa wa tumbaku. Ninauza mbolea na vifaa kwa wakulima wa tumbaku. Nitakubaliwa?

Tumbaku yenyewe, sigara na bidhaa zake haziruhusiwi kutangazwa, na hapo hakuna marekebisho yatakayosaidia. Mbolea, nyavu za vitalu, pampu za kunyunyizia na mabati ya kujengea bani ni bidhaa nyingine kabisa na hazimo kwenye katazo hilo. Shida ni kwamba mtambo unaosoma neno “tumbaku” pamoja na picha ya majani yaliyotundikwa banini unaweza kudhani unauza majani hayo.

Weka picha ya bidhaa unayoiuza, mfuko wa mbolea au pampu, na uanze maandishi na jina la bidhaa hiyo. Ikiwa mbolea inafaa pia kwa mahindi na alizeti, yataje. Likikataliwa hata hivyo, hii ndiyo hali ambayo “Request review” imewekwa kwa ajili yake, kwa kuwa huna kosa la kurekebisha. Anayetengeneza wanzuki au mvinyo wa asali kwa ajili ya kuuza yuko mahali pa kati: pombe inaruhusiwa kwa masharti ya sheria za nchi, na kwa Tanzania aweke umri wa watakaoona tangazo kuanzia miaka 18.

15. Tangazo lilikubaliwa, likaonekana siku nne, leo limekataliwa. Imekuwaje?

Ukaguzi haukomi tangazo linapokubaliwa. Tangazo linaweza kuangaliwa tena wakati wowote, hasa watu wanapolificha au kuliripoti, au kilicho mwisho wa kiungo kinapobadilika. Jiulize kwanza kama kuna kitu ulichobadilisha katika siku hizo nne: salamu ya WhatsApp, maelezo ya ukurasa, au tovuti iliyokwisha muda wa kulipiwa na kuacha kufunguka. Usipokuta badiliko, fuata maelekezo ya swali la 9. Usichukue kule kukubaliwa kwa mwanzo kama hoja, kwa sababu hakuhesabiwi kuwa uthibitisho kwamba tangazo lilikuwa sahihi.

16. Nimepata ujumbe Messenger kwamba ukurasa wangu utafungwa ndani ya saa 24 nisipobofya kiungo. Ni wao?

Si wao. Huu ni utapeli, na huwalenga hasa watu ambao wametoka kukataliwa tangazo na wana hofu. Ujumbe hutoka kwenye ukurasa uliopewa jina la kuogopesha na wenye nembo ya Meta, una kiungo, na ukikibofya unaombwa nenosiri na namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji. Ukizitoa, ukurasa unahama mikononi mwako ndani ya dakika chache, na kadi iliyounganishwa huanza kulipia matangazo ya watu usiowajua.

Taarifa ya kweli ya kukataliwa utaikuta ndani ya “Ads Manager” na “Business Support Home”. Kwa hiyo usibofye chochote. Fungua mwenyewe kurasa hizo mbili kwa njia unayoitumia siku zote, na kama huko hakuna onyo, ujumbe ule ni wa uongo. Aliyekwisha kubofya abadilishe nenosiri papo hapo, aondoe kadi kwenye akaunti ya matangazo, awaondoe wasimamizi asiowafahamu, kisha aipigie benki au kampuni ya simu iliyotoa kadi ili isimamishwe.

17. Je, Google nako ni hivihivi?

Misingi inafanana, hasa katika madai ya tiba na viungo visivyofunguka, na ukaguzi kwa kawaida humalizika ndani ya siku moja ya kazi. Google ni wakali zaidi kwa mwonekano wa maandishi: herufi kubwa zisizo na sababu, alama za mshangao zilizorundikana na nafasi zilizowekwa hovyo hutosha kulikataa tangazo. “ASALI!!! BEI POA” haipiti kwao.

Njia ya kukata rufaa huko iko wazi zaidi. Ukiweka kishale juu ya hali ya tangazo utapata neno “Appeal”, na utatakiwa kuchagua sababu moja kati ya mbili: “Made changes to comply with policy”, ikiwa umerekebisha, au “Dispute decision”, ikiwa unapinga uamuzi. Chagua ile iliyo kweli. Anayechagua ya kwanza bila kubadilisha kitu hurudishiwa tangazo lake likiwa limekataliwa vilevile.

18. Nikija kwako kuomba msaada, nije na nini?

Njoo na simu ambayo akaunti ya matangazo imefunguliwa, picha ya kioo inayoonyesha jina la kanuni uliyodaiwa kuivunja, na bidhaa yenyewe, chupa moja au kipande kimoja, kwa sababu mara nyingi tunaishia kupiga picha nyingine. Usinitumie nenosiri lako kwa meseji, wala usimpe mtu yeyote anayekwambia kwamba atalifungua tangazo akiwa kwake. Anayehitaji kusaidiwa kwa mbali aniongeze kama msimamizi kupitia mipangilio ya ukurasa, na kazi ikiisha aniondoe.